Sura ya Saba: Tofauti Nzuri, Tofauti Mbaya

Bajeti ikishaandikwa, kazi yake kubwa huanza mwezi unapokwisha. Hapo ndipo unaweka matumizi halisi pembeni mwa yale uliyopanga, unatoa moja kwa lingine, na kubaki na tofauti. Tofauti iliyoongeza faida kuliko ulivyopanga huitwa tofauti nzuri: umeuza kwa fedha nyingi zaidi, au umetumia kidogo zaidi. Iliyopunguza faida huitwa tofauti mbaya. Katika vitabu vya hesabu huwekewa herufi pembeni, na katika sura hii tutaandika N kwa nzuri na M kwa mbaya.

Watu wengi huishia hapo. Wanaona M kwenye unga, wanamkaripia mnunuzi. Wanaona N kwenye umeme, wanafurahi. Lakini herufi hizo mbili zinasema tu fedha zimeelekea wapi. Hazisemi kwa nini, wala nani ahojiwe, wala kama mwezi ujao mambo yatajirudia. Ili tofauti iseme ukweli, lazima igawanywe katika sehemu zake: wingi wa kazi iliyofanyika, bei iliyolipwa, na kiasi kilichotumika. Sura hii itakuonyesha mgawanyo huo hatua kwa hatua katika biashara moja ndogo, kisha tutauingiza nyumbani.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1918 mhasibu Charter Harrison alichapisha nchini Marekani makala zilizoeleza kwa fomula jinsi ya kutenganisha gharama iliyopangwa na ile halisi, na mwaka 1922 James McKinsey akatoa kitabu kizima kuhusu kusimamia biashara kwa bajeti. Waliandika wakiwa na viwanda vikubwa akilini. Hesabu yenyewe, hata hivyo, ni kuzidisha na kutoa tu, na inaingia katika daftari la mtu yeyote.

Kiwanda cha mikate

Tuchukue kiwanda kidogo cha mikate mjini Morogoro, chenye wafanyakazi wanne na tanuri moja la kuni. Kinauza mikate ya gramu 400 kwa maduka ya mitaani. Takwimu nimezitunga ili zigawanyike kwa urahisi, lakini mwenendo wake ni ule ambao waokaji wanaujua.

Kabla ya kupanga bajeti, mwenye kiwanda alihitaji kipimo kimoja cha msingi: mfuko mmoja wa unga wa ngano wa kilo 50 unastahili kutoa mikate mingapi? Donge la mkate wa gramu 400 hupimwa gramu 450 likiwa bichi, kwa sababu sehemu ya maji hukauka tanurini. Unga kilo 50, maji lita 28, pamoja na sukari, mafuta, chumvi na hamira hutoa kinyunga cha zaidi kidogo ya kilo 82. Ondoa kinachobaki kwenye beseni na mezani, utapata kilo 81. Gawanya kwa gramu 450: mikate 180. Hicho ndicho kipimo chake, na alikihakiki kwa kuoka na kuhesabu kabla ya kukiandika.

Kwa mwezi alipanga kuuza mikate 9,000, yaani mifuko 50. Mfuko ulikuwa shilingi 80,000. Sukari, mafuta, hamira, vifungashio na kuni alivihesabu kuwa shilingi 200 kwa kila mkate. Mishahara ya watu wanne ilikuwa milioni moja, pango na usafiri laki tano. Mkate aliuza dukani kwa shilingi 900. Bajeti ilimwahidi faida ya shilingi 800,000.

Mwezi ulipokwisha, alikuwa ameuza mikate 9,900, asilimia 10 zaidi ya alivyopanga. Faida ilikuwa shilingi 507,000. Ameuza zaidi na amepata kidogo zaidi. Fedha zimekwenda wapi?

Kwanza, hesabu kilichotumika

Kuna mtego unaowanasa wengi kabla hata hawajaanza kutafuta tofauti. Katika mwezi huo mwenye kiwanda, kupitia mnunuzi wake, alinunua mifuko 45 ya unga kwa shilingi 74,000 kila mmoja. Alitoa mfukoni shilingi 3,330,000. Bajeti ya unga ilikuwa shilingi 4,000,000. Akilinganisha fedha alizotoa na bajeti, ataona tofauti nzuri ya shilingi 670,000, na atalala usingizi mzuri.

Furaha hiyo ni ya uongo. Mwezi ulipoanza kulikuwa na mifuko 20 ghalani, iliyonunuliwa mwezi uliotangulia kwa shilingi 80,000. Mwezi ulipokwisha ilibaki mifuko mitano. Kwa hiyo unga uliotumika ni mifuko 20 ya mwanzo, jumlisha 45 iliyonunuliwa, toa mitano iliyobaki: mifuko 60. Gharama yake ni mifuko 20 kwa shilingi 80,000, ambayo ni 1,600,000, na mifuko 40 kwa shilingi 74,000, ambayo ni 2,960,000. Jumla ni shilingi 4,560,000.

Kwa hiyo ile tofauti nzuri ya 670,000 imegeuka kuwa tofauti mbaya ya 560,000, na hakuna kilichobadilika isipokuwa kwamba sasa tumehesabu kilichotumika badala ya kilicholipiwa. Ndiyo maana mwenye biashara ya bidhaa hawezi kufanya uchambuzi huu bila kuhesabu ghala siku ya mwisho ya mwezi. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na isipofanyika, hesabu zote zinazofuata hazina msingi.

Pili, inyooshe bajeti ifikie kazi iliyofanyika

Tofauti mbaya ya 560,000 kwenye unga bado haituambii kitu, kwa sababu bajeti ile ilikuwa ya mikate 9,000, na kiwanda kimeoka 9,900. Anayeoka mikate mingi zaidi lazima atumie unga mwingi zaidi. Kumlaumu kwa hilo ni kumlaumu kwa kuuza.

Kinachohitajika ni bajeti ya pili, ambayo inajibu swali hili: kama tangu mwanzo tungejua kwamba tutauza mikate 9,900, tungepanga nini? Bajeti hiyo huitwa bajeti nyumbufu, kwa kuwa inapanuka na kusinyaa kufuatana na wingi wa kazi. Gharama zinazofuata idadi ya mikate zinaongezwa kwa asilimia 10. Mishahara, pango na usafiri vinabaki vilevile, maana mwenye nyumba hapandishi kodi kwa sababu umeoka mikate mia tisa zaidi.

Tuziweke bajeti zote mbili na hesabu halisi katika jedwali moja, kwa shilingi:

| | Bajeti ya awali (9,000) | Bajeti nyumbufu (9,900) | Halisi (9,900) | Tofauti na nyumbufu |
|---|---|---|---|---|
| Mauzo | 8,100,000 | 8,910,000 | 8,712,000 | 198,000 M |
| Unga | 4,000,000 | 4,400,000 | 4,560,000 | 160,000 M |
| Viambato vingine, vifungashio, kuni | 1,800,000 | 1,980,000 | 2,085,000 | 105,000 M |
| Mishahara | 1,000,000 | 1,000,000 | 1,060,000 | 60,000 M |
| Pango na usafiri | 500,000 | 500,000 | 500,000 | 0 |
| Faida | 800,000 | 1,030,000 | 507,000 | 523,000 M |

Soma mstari wa mwisho polepole. Kutoka bajeti ya awali kwenda bajeti nyumbufu, faida inapanda kutoka 800,000 hadi 1,030,000. Ongezeko hilo la shilingi 230,000 ni tofauti ya wingi, na ni nzuri: ndiyo malipo ya kuuza mikate 900 zaidi. Kutoka bajeti nyumbufu kwenda halisi, faida inaporomoka kwa shilingi 523,000. Ukichukua 523,000 mbaya ukaondoa 230,000 nzuri, unabaki na 293,000 mbaya, ambayo ndiyo pengo kati ya faida aliyopanga na aliyoipata.

Mwenye kiwanda asiyenyoosha bajeti angeona pengo la 293,000 peke yake. Pengo la kweli la utendaji ni 523,000, na karibu nusu yake ilikuwa imefichwa na mauzo mazuri. Hili ndilo jambo la hatari zaidi katika biashara inayokua: ongezeko la wateja linafunika uvujaji, na siku wateja wakipungua uvujaji unaonekana wote kwa mpigo, wakati uwezo wa kuuziba umeshakwisha.

Tatu, tenganisha bei na matumizi

Sasa turudi kwenye unga. Tofauti yake na bajeti nyumbufu ni shilingi 160,000 mbaya. Kiasi hicho ni kidogo, chini ya asilimia nne ya gharama ya unga, na mtu mwenye haraka angekiruka. Lakini gharama ya kitu chochote ni bei ikizidishwa kwa kiasi, na vyote viwili vinaweza kusogea kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Fomula za kuvitenganisha ni mbili:

Tofauti ya bei = (bei ya bajeti − bei halisi) × kiasi halisi kilichotumika

Tofauti ya matumizi = (kiasi kilichostahili − kiasi halisi) × bei ya bajeti

Jibu likiwa juu ya sifuri, tofauti ni nzuri. Likiwa chini, ni mbaya.

Mifuko 60 iligharimu 4,560,000, kwa hiyo bei ya wastani ilikuwa shilingi 76,000. Tofauti ya bei ni 4,000 mara 60, ambayo ni shilingi 240,000, nzuri. Mikate 9,900 ilistahili mifuko 55, kwa kipimo cha mikate 180 kwa mfuko. Ilitumika 60. Tofauti ya matumizi ni mifuko mitano mara shilingi 80,000, ambayo ni shilingi 400,000, mbaya.

Kumbe ndani ya ile 160,000 kulikuwa na mambo mawili makubwa yaliyokuwa yakivutana. Mtu aliyenunua unga alileta akiba ya 240,000 na pengine alipongezwa. Kwenye meza ya kukandia ikapotea 400,000, na pengine mwokaji alikaripiwa. Tofauti ndogo ya jumla si ushahidi kwamba mambo ni shwari. Kila gharama kubwa, hata ikikaribiana na bajeti, inafaa kugawanywa kati ya bei na matumizi angalau mara moja kwa robo mwaka.

Angalia pia kwamba tofauti ya matumizi imehesabiwa kwa bei ya bajeti, wala si bei halisi. Imefanywa hivyo kwa makusudi. Mwokaji hakuchagua bei ya sokoni, hivyo kupanda au kushuka kwa bei kusiingie katika hesabu anayopimwa nayo.

Nne, tafuta sababu, na uithibitishe

Hesabu imefika mwisho wa uwezo wake. Imeonyesha kwamba mifuko mitano ilizidi. Haiwezi kusema kama imeibiwa, imemwagika, au imeingia katika mikate mikubwa kupita kiasi. Hapo lazima utoke ofisini.

Kuna sababu nne za kawaida za unga kuzidi kwenye kiwanda cha mikate, na kila moja ina alama yake. Ya kwanza ni madonge mazito: mwokaji anakata kwa mkono bila mizani na donge linafika gramu 480. Alama yake ni kwamba mikate ni mikubwa na maduka hayalalamiki. Pima madonge 20 bila kuchagua, utajua. Ya pili ni wizi. Alama yake ni kwamba mifuko inayofunguliwa kila siku kwenye daftari la tanuri inatoa mikate 180 kama kawaida, ila jumla ya mifuko iliyofunguliwa ni ndogo kuliko iliyotoka ghalani. Ya tatu ni mikate inayoharibika tanurini kwa moto usio sawa. Alama yake ni mikate iliyoungua, na huwa inatokea kwa aina zote za unga. Ya nne ni unga wenyewe.

Mwenye kiwanda wetu alikuwa na daftari la tanuri. Kila siku liliandikwa idadi ya mifuko iliyofunguliwa na mikate iliyotoka mizima. Lilionyesha kwamba mifuko 20 ya mwanzo, ile ya zamani, ilitoa mikate 3,600: sawasawa 180 kwa mfuko. Mifuko 40 iliyofuata, ya unga mpya wa shilingi 74,000, ilitoa mikate 6,300: wastani wa 157 na nusu kwa mfuko. Mwokaji ni yuleyule, tanuri ni lile lile, mizani ni ile ile. Kilichobadilika ni unga.

Unga wa mikate unahitaji protini ya kutosha, kwa sababu ndiyo inayojenga ule utando wa mnato unaozuia hewa ya hamira isitoroke. Unga wenye protini kidogo unafaa kwa biskuti na keki. Ukiutumia kwa mkate, mambo mawili hutokea. Unashika maji kidogo, na donge linainuka kisha linalala. Kiwandani kwetu maji yalishuka kutoka lita 28 hadi 24 kwa mfuko, maana mwokaji alipoongeza zaidi kinyunga kilimnata mikononi. Lita nne pungufu ni kilo nne za kinyunga, sawa na mikate tisa hivi kwa mfuko. Mikate mingine 13 au 14 kwa kila mfuko ilibonyea na haikuuzika. Jumla inakaribia mikate 22 na nusu iliyokosekana.

Baada ya kujua hilo, tofauti nyingine zote katika jedwali zinaanza kujieleza. Mikate iliyobonyea ilikuwa imeshakula sukari, hamira, mafuta na kuni, ndiyo ile 105,000 mbaya. Kazi ya kukanda upya ili kufidia oda iliwabakiza wafanyakazi baada ya saa za kazi: kati ya malipo ya ziada ya 60,000, shilingi 40,000 ziliandikwa kwa siku za kurudia kazi, na 20,000 zilizobaki zilitokana tu na wingi wa oda. Na wenye maduka, walipoona mikate haijainuka vizuri, walidai punguzo. Mikate 3,300 iliuzwa kwa shilingi 840 badala ya 900. Shilingi 60 mara 3,300 ni 198,000, ndiyo tofauti nzima ya mauzo.

Sasa tunaweza kuandika hesabu ya uamuzi mmoja. Unga wa bei nafuu uliokoa 240,000. Ulipoteza 400,000 za unga uliozidi, 105,000 za viambato na kuni, 40,000 za kazi ya ziada, na 198,000 za punguzo. Hasara ni 743,000. Toa akiba, inabaki 503,000. Kati ya pengo la 523,000, shilingi 20,000 tu hazihusiani na unga ule. Tofauti nzuri pekee iliyokuwamo ndani ya pengo hilo ndiyo iliyozaa karibu tofauti mbaya zote.

Hili si tukio la ajabu. Tofauti nzuri ya bei na tofauti mbaya ya matumizi hufuatana mara kwa mara: fundi seremala akinunua mbao mbichi, mshonaji akinunua uzi dhaifu, mama lishe akinunua mchele wenye chenga nyingi. Kwa hiyo tofauti nzuri nayo ihojiwe kwa ukali uleule. Ukikuta N kubwa kwenye bei, angalia mara moja kama kuna M mahali pengine siku chache baadaye.

Kutoka kwenye tofauti hadi uamuzi

Uchambuzi usiozaa uamuzi ni karatasi tu. Hapa uamuzi unapatikana kwa kugeuza bei ya mfuko kuwa gharama ya unga kwa mkate mmoja. Mfuko wa 80,000 unaotoa mikate 180 unagharimu shilingi 444 kwa mkate. Mfuko wa 74,000 unaotoa mikate 157 na nusu unagharimu shilingi 470. Unga wa bei ya chini ndio ulio ghali.

Pia unaweza kuuliza: unga wa 74,000 ungestahili kutoa mikate mingapi ili ulingane na ule wa zamani? Gawanya 74,000 kwa 444.4, unapata 166 na nusu, yaani angalau mikate 167. Na hapo bado hatujahesabu punguzo la dukani wala kazi ya kurudia. Mwenye kiwanda sasa ana kanuni ya kununulia: unga mpya wowote ujaribiwe kwa mfuko mmoja, mikate ihesabiwe, na ukishindwa kufika 167 usinunuliwe kwa bei hiyo. Mifuko mitano iliyobaki ghalani anaweza kuitumia kwa maandazi au kuichanganya kidogo kidogo na unga wenye nguvu.

Kuna jambo la haki pia. Mnunuzi anayepimwa kwa tofauti ya bei peke yake atanunua unga dhaifu kila mara, na mwokaji atabeba lawama ya matumizi kila mara. Wote wawili wanatimiza kile wanachopimwa nacho. Dawa ni kuwapima pamoja, kwa gharama ya unga kwa mkate mzima uliouzwa.

Bajeti nayo inaweza kukosea

Tumeichukua bajeti kana kwamba ni mizani iliyohakikiwa. Mara nyingine mizani yenyewe ndiyo mbovu. Ngano nyingi inayosagwa Afrika Mashariki hutoka nje, na vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 bei ya ngano duniani iliruka. Mwokaji aliyepanga bajeti ya mwaka mzima mnamo Januari 2022 aliona tofauti mbaya ya bei mwezi baada ya mwezi, na mnunuzi wake hakuwa na kosa lolote.

Katika hali hiyo igawanye tofauti ya bei mara mbili. Jiulize bei ya haki ya soko mwezi huo ilikuwa kiasi gani. Tuseme bajeti ilikuwa 80,000, soko lilikuwa 95,000, na mnunuzi alilipa 93,000. Shilingi 15,000 kwa mfuko ni mbaya na zinatokana na mpango uliopitwa na wakati. Zinadai bajeti mpya na labda bei mpya ya mkate. Shilingi 2,000 ni nzuri na ni sifa ya mnunuzi. Lakini tahadhari: bei ya soko ithibitishwe kwa stakabadhi au kwa kuuliza wauzaji wawili watatu. Vinginevyo kila kosa litasingiziwa soko.

Si kila tofauti inastahili kufukuzwa. Weka kiwango mapema, kabla hujaona matokeo. Kwa kiwanda cha ukubwa huu, kufuatilia tofauti inayozidi shilingi 50,000 au asilimia tano ya bajeti ya mstari husika kunatosha. Ongeza sharti moja: tofauti ndogo inayoelekea upande uleule kwa miezi mitatu mfululizo ifuatiliwe hata kama haijafika kiwango. Bahati huyumba huku na huku. Kinachoelekea upande mmoja siku zote kina chanzo.

Nyumbani

Familia haiuzi mikate, lakini ina wingi wake wa kazi: watu waliolishwa na siku walizolishwa. Familia ya watu watano iliyopanga shilingi 450,000 za chakula kwa siku 30 imepanga milo ya siku-mtu 150, kwa shilingi 3,000 kila siku-mtu. Mwezi ukaisha kwa 546,000. Tofauti mbaya ni 96,000, na maneno huanza mezani.

Lakini shangazi na mwanawe walikaa siku 15. Hizo ni siku-mtu 30 zaidi, jumla 180. Bajeti nyumbufu ni 180 mara 3,000, yaani 540,000. Aliyesimamia jiko amezidisha shilingi 6,000 tu. Shilingi 90,000 zilizobaki ni gharama ya ukarimu, ambayo familia iliichagua kwa moyo mweupe. Mwaka ujao iwekewe mstari wake katika bajeti, isiwe tena deni la mpishi.

Tofauti ya kuogopwa zaidi nyumbani ni nzuri ya muda. Mwezi wa Januari mstari wa ada unaonyesha akiba ya 300,000, kwa sababu shule imekubali kupokea nusu sasa na nusu Machi. Hiyo siyo akiba. Ni deni lenye tarehe. Vivyo hivyo umeme wa kulipia kabla: ukinunua uniti nyingi tarehe 29, mwezi huu utaonekana mbaya na ujao mzuri, ilhali matumizi hayajabadilika. Soma uniti zilizobaki kwenye mita siku ya mwisho ya mwezi, kama vile mwokaji anavyohesabu mifuko ghalani. Kisha tenganisha: je, bei ya uniti imepanda, au uniti zilizotumika zimeongezeka? La kwanza hulimudu. La pili linaweza kuwa friji ambayo mpira wa mlango umechakaa.

Kwa kila tofauti inayovuka kiwango, andika mstari mmoja katika daftari: kiasi, sehemu yake ya wingi, ya bei na ya matumizi, sababu iliyothibitishwa, na nani atafanya nini kabla ya tarehe gani. Kama sababu bado haijathibitishwa, andika hivyo, wala usijaze dhana. Anza mwezi huu kwa mstari mmoja tu, ule unaokula fedha nyingi zaidi. Hesabu kilichobaki ghalani au jikoni jioni ya siku ya mwisho, na usimlaumu mtu yeyote mpaka umeigawanya tofauti yake.